Shilingi tatu na nusu kwa mwezi: Wagusii, Vita Kuu ya Pili na madai ya kujitawala

Simulizi iliyozoeleka kuhusu vita vya 1939 hadi 1945 ni fupi na inavutia. Mwafrika alikwenda vitani, akamwona mzungu akiogopa na akifa kama mtu mwingine yeyote, akarudi nyumbani macho yamefunguka, akadai uhuru. Waruhiu Itote, aliyekuja kujulikana kama Jenerali China, anaipa nguvu simulizi hiyo. Alipigana Burma akiwa askari wa keya, na katika kumbukumbu zake anaeleza jinsi askari mwenzake Mwingereza alivyomuuliza yeye Mwafrika anapigania nini hasa, swali ambalo lilimkaa moyoni. Miaka michache baadaye alikuwa msituni Mlima Kenya akiongoza wapiganaji.

Ukiipeleka simulizi hiyo kwenye vilima vya Gusii, yaani Kisii na Nyamira za leo, haikai sawasawa. Vijana wa huko nao walikwenda, wengine wakiwa na bunduki, wengine na sururu na karai. Waliorudi hawakuingia msituni. Hata hivyo mwaka 1957 wilaya yao ilipiga kura pamoja na Waafrika wengine wa Kenya, wakapeleka Baraza la Kutunga Sheria watu walioanza kazi kwa kukataa kile walichopewa. Kuna jambo lilitokea kati ya 1945 na 1957. Kwa maoni yangu, jambo hilo lilihusu zaidi pesa, leseni na ardhi kuliko yale yaliyoonekana kwenye uwanja wa vita, na ndiyo maana inafaa kulifuata hatua kwa hatua.

Tuanze na kumbukumbu iliyokuwapo kabla ya 1939. Wakati huo Gusii ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kavirondo Kusini, pamoja na Wajaluo na Wakuria, na makao ya mkuu wa wilaya yalikuwa mji wa Kisii. Utawala wa Kiingereza ulikuwa umeingia kwa nguvu, kwa misafara ya kijeshi ya 1905 na 1908. Mwaka 1912 uliwaondolea vijana ebisarate, zile kambi za malishoni walikokaa wakilinda ng'ombe na kujifunza ujasiri. Septemba 1914 Wajerumani waliingia Kisii, kukapiganwa hapohapo mjini, na wenyeji waliochukua mali katika vurugu hizo waliadhibiwa vikali Waingereza waliporudi. Kisha wanaume wakakusanywa kwenda kubeba mizigo ya jeshi Tanganyika. Watu wa Kenya waliokufa katika kikosi cha wapagazi, wengi wao kwa maradhi na njaa, wanakadiriwa kuwa zaidi ya 40,000. Mishahara ya wengi waliokufa haikuzifikia familia zao.

Kilichofuata baada ya vita hivyo vya kwanza ndicho kilichowafanya wazee wa 1939 kuwa na tahadhari. Kodi ilipanda. Kipande, kile cheti cha alama za vidole ambacho mwanamume Mwafrika alilazimika kukibeba, kikaanza kutumika kwa nguvu. Askari wazungu walipewa ardhi. Karibu kabisa na Gusii, upande wa Kericho, maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani walitengewa eneo kubwa walime kitani. Mradi ule ulishindwa, na ardhi hiyo ikageuka kuwa mashamba ya chai ambako vijana wa Gusii wangekwenda kuchuma kwa mkataba. Mpagazi aliyerudi kutoka Tanganyika hakupata hata ekari moja.

Kwa hiyo vita vya pili vilipotangazwa Septemba 1939, serikali haikukuta watu wasiojua vita ni nini. Kenya nzima ilitoa Waafrika wapatao 98,000 kabla ya vita kwisha. Maofisa walikuwa na imani yao kuhusu makabila ya kivita: Wakamba na watu wa jamii za Kalenjin ndio waliopendwa kwa bunduki. Kwingineko, ikiwamo sehemu kubwa ya Nyanza, mwanamume alionekana zaidi kuwa nguvukazi. Alifaa kwa kikosi cha kazi cha jeshi kilichoundwa 1939, kwa udereva, upishi, ukarani, utunzaji wa wagonjwa na uchimbaji wa barabara. Si kwamba hakuna Mgusii aliyeshika bunduki. Ila ukimfikiria Mgusii wa vita hivi kama mtu wa mstari wa mbele tu, unawasahau wengi waliovaa sare na kukabidhiwa sururu.

Uandikishaji ulipita mikononi mwa machifu. Amri ilitoka Nairobi, ikafika kwa mkuu wa mkoa, ikashuka kwa DC, na DC akawaambia machifu wa lokesheni zake, kuanzia Kitutu na Nyaribari hadi Majoge na Mugirango Kaskazini, idadi ya watu wanaotakiwa. Chifu aliitisha baraza. Waliojitolea waliandikwa kwanza. Wakipungua, askari wa chifu walizunguka usiku. Kila palipotumika mpango huo nchini, ulikuwa na kasoro ileile: chifu alipata nafasi ya kumwondoa kijana msumbufu, mgomvi wa shamba, au mtoto wa mjane asiye na mtetezi. Mwenye akili za haraka aliweza kukimbilia kazi ya mkataba kwenye shamba ambalo serikali ilikuwa imelihesabu kuwa la lazima kwa vita.

Hata kazi hiyo ilikuja kuwa ya kulazimishwa. Mwaka 1942 zilitoka kanuni zilizoruhusu raia Waafrika kuandikwa kwa nguvu kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi, hasa ya katani, sukari, pareto na vyakula. Japani ilikuwa imeiteka Asia ya Kusini-Mashariki, na nyuzi za kamba za huko hazikuweza kupatikana tena. Ikaonekana halali kumchukua mtu kwake akavune shamba la mtu binafsi, kwa faida ya mtu huyo, kwa jina la vita. Vita vilipokaribia mwisho, watu zaidi ya 10,000 nchini walikuwa wakifanya kazi kwa amri hiyo. Wagusii walijua kazi ya kibarua tangu zamani, lakini walikwenda kwa sababu ya kodi au kwa hiari, wakirudi mkataba ukiisha. Kuandikwa na serikali umtumikie mlowezi lilikuwa jambo jipya, na nadhani lilifundisha siasa kuliko mahubiri yoyote. Lilionyesha waziwazi kwamba serikali na mlowezi walikuwa mkono mmoja.

Waliovaa sare walikwenda mbali. Mwanzoni mwa 1941 vikosi vya Afrika Mashariki vilivuka mto Juba kuingia Somalia ya Waitaliano. Mogadishu ilianguka Februari, Addis Ababa Aprili, na Mei Haile Selassie akarudi katika mji wake mkuu. Ngome ya mwisho, Gondar, ilisalimu amri Novemba mwaka huohuo. Maelfu kwa maelfu ya Waitaliano wakaletwa Kenya wakiwa mateka. Kambi mojawapo ilikuwa Londiani, si mbali na Kericho. Walipasua mawe na kutengeneza barabara, na waliowasimamia wakiwa na bunduki ni pamoja na Waafrika. Kijana aliyekuzwa akijua kwamba mzungu hashiki jembe sasa alikuwa akimwangalia mzungu akishika sururu, tena chini ya ulinzi wake.

Mwaka 1942 vikosi vikaenda Madagaska na Seiloni. Vikosi vya kazi vilipelekwa Misri na nchi jirani za Mashariki ya Kati, ambako Bildad Kaggia, aliyekuja kuwa mmoja wa wanasiasa wakali wa Nairobi, alihudumu kabla ya kufika Uingereza. Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Walikufa watu karibu 1,300 kwa dakika chache, wengi wao wakiwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Agosti 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo alama yake begani ilikuwa kichwa cha kifaru, iliingia bonde la Kabaw huko Burma. Ilikuwa katikati ya mvua za masika. Lori halikupita, nyumbu walizama kwenye tope, na chakula kilidondoshwa kwa ndege. Adui aliyeogopwa kuliko Mjapani alikuwa malaria. Askari walilazimishwa kumeza vidonge vilivyoifanya ngozi iwe ya njano, kushusha mikono ya shati jua likizama, na kupuliza dawa ya mbu iliyotengenezwa kwa pareto. Kenya ndiyo iliyokuwa mzalishaji mkuu wa pareto duniani wakati huo, na kilimo chake kwa kiasi kikubwa kilikuwa mikononi mwa walowezi. Vilima vya Kisii, ambavyo udongo na baridi yake vinaipenda pareto kuliko sehemu nyingi, viliruhusiwa kuingia katika zao hilo kwa upana katika miaka ya 1950. Desemba 1944 divisheni ilifika Kalewa na kuvuka mto Chindwin, na kwa hilo ikalifungulia jeshi la Uingereza njia ya kuelekea kusini.

Wengi wanasema safari hizi ndizo zilizomfanya Mwafrika adai uhuru. Zilimpa vitu viwili vya hakika. Kwanza, Kiswahili na maandishi. Jeshi liliendeshwa kwa Kiswahili cha keya. Mtu wa Nyamira aliyekuwa hajawahi kuzungumza na Mkamba au Mnyamwezi alilala naye hema moja miaka mitatu. Walimu wa jeshi waliwafundisha maelfu kusoma. Gazeti la Baraza lilianzishwa Nairobi mwaka 1939 likiwa na habari za vita, na jeshini kulikuwa na magazeti yake, Askari na Heshima. Watu wenye lugha moja ya kusomea waliweza kuwa na lalamiko moja. Si ajabu kwamba huko Asia ndugu Abdulwahid na Ally Sykes wa Dar es Salaam walizungumza na askari wenzao Watanganyika kuhusu chama cha siasa, miaka kadhaa kabla ya TANU kuzaliwa Julai 1954.

Kitu cha pili kilikuwa kipimo. Jeshini kila kitu kilihesabiwa, na kilihesabiwa kwa rangi: mshahara, mgao wa chakula, kitanda cha hospitali. Viboko vilikuwa adhabu ya Mwafrika. Cheo cha juu ambacho askari wa kawaida wa Kenya angekitarajia kilikuwa sajenti meja, hata kama luteni aliyemwamuru alikuwa kijana aliyetoka shule jana. Mtu wa kijijini angeweza kuhisi dhuluma asijue kiasi chake. Askari aliijua kwa shilingi na senti.

Mwaka 2019 Al Jazeera walitangaza uchunguzi uliotumia hati ya zamani inayoonyesha kiinua mgongo cha mwisho wa vita kilivyopangwa. Askari mzungu wa cheo cha chini kabisa aliyeishi katika makoloni ya Afrika alilipwa shilingi 10 kwa kila mwezi wa utumishi. Mwafrika wa cheo kilekile alilipwa shilingi 3 na nusu.

Hebu tupige hesabu ya mtu wa mfano, aliyeandikwa mwanzoni mwa 1942 na kuachiliwa mwanzoni mwa 1946. Hiyo ni miezi 48. Kiinua mgongo chake kilikuwa shilingi 168. Mzungu wa cheo chake kwa miezi hiyohiyo alipata shilingi 480. Mtu wetu anaweza kuwa na akiba pia, kwani sehemu ya mshahara iliwekwa benki ya posta, na sehemu nyingine ilikuwa ikitumwa nyumbani kupitia ofisi ya DC. Hakuachiliwa Nairobi afanye atakavyo. Serikali iliogopa sana askari kurundikana mijini, kwa hiyo alisafirishwa mpaka wilayani kwake na kukabidhiwa kwa utawala uleule uliomtoa. Anashuka Kisii akiwa na koti la jeshi, kitabu cha akiba na matarajio.

Anachokuta kinamshangaza. Vita vilikuwa vimekula na kulisha. Ng'ombe walikuwa wametakiwa kwa ajili ya nyama ya jeshi, kila wilaya ya mifugo ikipangiwa idadi, kwa bei ambayo mwenye ng'ombe hakuichagua. Mahindi yaliwekwa chini ya udhibiti wa serikali kuanzia 1942, na bei aliyolipwa mlowezi ilikuwa kubwa kuliko aliyolipwa mkulima Mwafrika. Hata hivyo Gusii yenye mvua na udongo mwekundu ilikuwa na mahindi ya kuuza katika miaka ambayo sehemu nyingine za Kenya ziliona njaa, hasa 1943. Jirani ambaye hakwenda vitani alilima, akauza, na pengine akajenga kinu cha maji cha kusaga unga kando ya kijito. Machifu walioandika watu walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza Kenya kuruhusiwa kupanda kahawa katikati ya miaka ya 1930, wakati Kisii, Embu na Meru zilipofanywa maeneo ya majaribio. Musa Nyandusi wa Nyaribari, baba yake Simeon Nyachae, ndiye anayekumbukwa zaidi. Kahawa yao ilikuwa ikizaa wakati askari yuko Burma.

Mahari pia ilikuwa imepanda. Mwanaanthropolojia Philip Mayer, aliyefanya kazi Gusii miaka hiyohiyo ya baada ya vita, aliandika kitabu kizima juu ya sheria za mahari za huko, kilichotoka 1950. Pesa za mahindi na za jeshi ziliingia zikifukuzia ng'ombe walewale, na baba wenye mabinti walipandisha idadi. Askari aliyechelewa kuoa kwa sababu ya vita aligundua kwamba kiinua mgongo chake kingemezwa chote na mahari na bado kisitoshe.

Basi akatafuta biashara. Alikuwa ameendesha lori la tani tatu kwenye milima ya Ethiopia, angependa kuwa na lori. Hapa ndipo hesabu yetu inafika ukutani. Lori lilikuwa la maelfu ya shilingi, na ruhusa ya kusafirisha abiria au mizigo iliombwa kwenye bodi ambamo Waafrika hawakuwa na sauti. Duka dogo lilihitaji leseni na kiwanja katika soko lililotambuliwa. Bidhaa zilikuwa haba kwa sababu ya vita, na zilipitia kwa wauzaji wa jumla wa Kihindi mjini. Ukosefu wa mtaji ungetibiwa na mkopo. Lakini sheria ilimkinga Mwafrika na deni, kama watunga sheria walivyosema. Sheria ya 1948 iliendeleza msimamo wa zamani: deni la Mwafrika lililozidi shilingi 200 halikudaiwa mahakamani isipokuwa mkataba umeidhinishwa na utawala. Hakuna mfanyabiashara mwenye akili ambaye angekopesha zaidi ya hapo. Mwanamume aliyeaminiwa na bunduki na lori la Mfalme hakuaminiwa na deni la shilingi 201.

Askari wengi kote Kenya walijaribu kushinda kizuizi hicho kwa kuchanga. Watu kumi au ishirini waliweka akiba pamoja, wakanunua lori chakavu la jeshi au wakafungua duka la kampuni. Nyingi ya kampuni hizo zilikufa ndani ya miaka miwili au mitatu. Sababu zilijulikana na kila mtu: vipuri havikupatikana, hesabu hazikuandikwa vizuri, wanahisa walichukua bidhaa kwa ahadi, maduka yalikuwa mengi kuliko wanunuzi. Maofisa walisema Mwafrika hajawa tayari kwa biashara. Wenye hisa walijua upande mwingine wa jambo, yaani kanuni zilizoandikwa na watu ambao wao hawakuwachagua.

Hapa, kwa maoni yangu, ndipo madai ya kujitawala yanapopata mwili katika mahali kama Gusii. Neno uhuru lilikuwa na maana pana na ya mbali. Leseni, bei ya mahindi, idadi ya miche ya kahawa na kikomo cha shilingi 200 vilikuwa vitu ambavyo mtu aliweza kuvifuatilia kutoka sokoni hadi kwa DC, kutoka kwa DC hadi Nairobi, na kukuta kwamba mwisho wa njia kuna baraza la kutunga sheria ambalo mpaka Oktoba 1944 halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Mwezi huo aliteuliwa Eliud Mathu, na chama kilichokuja kuitwa KAU kikaundwa kumsaidia. Jomo Kenyatta alirudi kutoka Uingereza Septemba 1946 na kuwa rais wake mwaka uliofuata. KAU ilipofika Nyanza haikulazimika kuwafundisha watu kwamba wanaonewa.

Lazima niseme pia kile ambacho ushahidi hauruhusu kusema. Wanahistoria waliochunguza kumbukumbu za jeshi, kama Timothy Parsons, na Mkenya O. J. E. Shiroya kabla yake, wanaonyesha kwamba askari wa zamani walioingia siasa walikuwa wachache kati ya makumi ya maelfu. Wengi walitaka mke, shamba na kupumzika. Wengine walirudi jeshini au wakawa polisi wa serikali ileile. Kwingineko Afrika sura ilikuwa tofauti: huko Accra, tarehe 28 Februari 1948, askari wa zamani waliandamana kwenda kwa gavana, watatu wakapigwa risasi, na mji ukawaka. Kisii haikuwa na siku kama hiyo.

Haikuwa pia na msitu kama wa Nyandarua. Tofauti na Wakikuyu, ambao wengi walikuwa maskwota wakifukuzwa kwenye mashamba ya walowezi baada ya vita, familia nyingi za Gusii bado zilikuwa juu ya ardhi yao, na zao la kahawa lilikuwa limeachiwa mlango, ingawa mwembamba. Mtu aliyekuwa na shamba na mti wa kahawa alikuwa na cha kupoteza. Hasira yake aliielekeza kwenye baraza la wilaya, lile Local Native Council lililoanza katikati ya miaka ya 1920. Baraza hilo lilikuwa na pesa za ushuru na lilikuwa limesaidia kupatikana kwa shule ya serikali Kisii mwaka 1934. Baada ya vita, walimu, makarani na wale waliojifunza kusoma jeshini walianza kuuliza ndani na nje ya baraza hilo kwa nini pesa za ushuru wao zinapangwa na DC aliye mwenyekiti. Mwaka 1950 baraza lilipewa jina jipya, African District Council, na madaraka kidogo zaidi. Watu walikuwa wamefika kwenye swali la nani atawale wilaya, na swali la nani atawale nchi lilikuwa hatua moja tu mbele.

Hatua hiyo ilikuja wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. KAU ilipigwa marufuku 1953. Serikali, ikiwa inapigana na watu ambao baadhi yao iliwafundisha yenyewe kupigana, iliona lazima iwape Waafrika wengine njia ya kura. Machi 1957 walichaguliwa wawakilishi 8 wa Kiafrika. Haki ya kupiga kura ilitolewa kwa sifa: elimu, kipato, mali, na miongoni mwake utumishi wa muda mrefu, na mtu mmoja aliweza kuwa na kura hadi tatu kulingana na sifa zake. Nyanza Kusini, Gusii ikiwamo, ilimpeleka Lawrence Oguda, akakaa pamoja na Tom Mboya, Oginga Odinga, Masinde Muliro, Ronald Ngala, Daniel arap Moi na wengine wawili. Wanane hao walikataa nafasi za uwaziri na kudai viti zaidi. Viti vya Waafrika viliongezwa kufikia 14 mwaka 1958, na mapema 1960 mazungumzo ya Lancaster House jijini London yalikubali kwamba Waafrika watakuwa wengi bungeni. Katika uchaguzi wa 1961 Lawrence Sagini akaingia bungeni kwa niaba ya Wagusii, na mwaka huo Kisii ikawa wilaya peke yake.

Kati ya yote yaliyofuata, la kuangalia zaidi ni ardhi, kwa sababu ndiyo iliyoanza lalamiko hili mwaka 1919. Baada ya 1945 serikali ilirudia ilichofanya awali: ilianzisha bodi na kuwasaidia askari wazungu kwa mikopo nafuu wakapata mashamba katika Nyanda za Juu. Wale wa kiinua mgongo cha shilingi 3 na nusu walielekezwa Kabete, kwenye shule ya Jeanes, kwa mafunzo ya ufundi na uongozi wa kijiji. Mpakani mwa Gusii, upande wa Sotik, mashamba ya walowezi yalibaki yakionekana kutoka vilima vya Nyamira.

Mashamba hayo yalifunguliwa wakati uhuru unakaribia, katika mpango wa makazi wa ekari milioni moja. Eneo linaloitwa Borabu leo, pamoja na Nyansiongo na Manga, likagawanywa kwa familia za Kigusii. Hawakupewa bure. Mlowezi alilipwa bei ya soko, pesa zikatoka kwa mikopo ya Uingereza na wakopeshaji wengine, na mkulima mpya akakabidhiwa deni la shamba pamoja na shamba lenyewe, la kulipwa kwa miaka mingi kwa maziwa, pareto na chai.